Duka la mabati Masasi: laki tatu na nusu za tangazo zimeishia wapi?

#1 Daftari la Kaunta
Wakuu, salama? Nina kisa cha duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi, hesabu zake nazifunga mimi. Mwenye duka ni mama mmoja makini, tangu afungue hajawahi kutangaza popote zaidi ya bango la mlangoni. Agosti akapiga picha shehena ya mabati iliyokuwa imeshushwa asubuhi hiyo, akaiweka Facebook na maneno haya: "Mabati imara kwa bei nafuu, karibuni sana." Chini ya picha kuna kitufe cha Boost post, akakibonyeza. Kwenye Goal, yaani lengo la tangazo, akaacha Automatic kama alivyoikuta, eneo likabaki Tanzania, akaweka sh. 25,000 kwa siku, siku 14. Jumla 350,000.

Like zilifika 2,300 na ushee, maoni zaidi ya 180, meseji 61. Walionunua ni wawili: mmoja mabati 40, mwingine 26. Faida ya duka kwa bati la geji 30 ni kama 1,500, kwa hiyo tangazo limerudisha 99,000. Ili hela irudi yote yalitakiwa yauzwe mabati 234.

Mama kaapa hatangazi tena mpaka anaingia kaburini. Mimi nasema kosa si la tangazo, kosa ni ile Automatic. Wajuvi mnasemaje?

#2 Mpiga Matangazo
Uko sahihi kwa sehemu kubwa. Facebook inakutafutia ulichoiomba. Ukiacha Automatic inaangalia chapisho lako, na hili halikuwa na namba ya WhatsApp wala kitufe cha kutuma meseji, basi ikaenda kutafuta kitu rahisi kupatikana, yaani vidole vya like. Kuna watu kazi yao kutwa ni kulike kila kinachopita, na hao ndio wa bei rahisi kuliko wote. Angechagua Get more messages, picha ileile ingepelekwa kwa watu wenye tabia ya kuandika wakiona kitu cha kuuzwa.

Lakini kabla ya kuhukumu naomba kitu kimoja. Fungua Ads Manager kwenye kompyuta, bonyeza jina la hilo tangazo, nenda Breakdown, kisha utafute Region. Utaona kila mkoa umekula shilingi ngapi. Leta hapa.

Na hesabu yako ina tundu. Angalia risiti, siyo kiasi alichoandika mwanzo. Kuna VAT.

#3 Bi Vitenge wa Lindi
Mimi nilibusti vitenge vyangu kwa 20,000 nikapata like 900 na ukurasa ukachangamka. Mwambie mama asikate tamaa, like 2,300 ni mtaji huo.

#4 Fundi Kenchi
Dada yangu, like haiezeki nyumba 😂

Nyote mnazungukia simu. Kitenge mtu anakiona, anakipenda, ananunua. Bati halinunuliwi hivyo. Mwenye nyumba akimaliza kupandisha ukuta anamwita fundi, fundi anapima paa, anaandika orodha kwenye karatasi: mbao kadhaa, misumari kilo kadhaa, mabati kadhaa ya geji fulani. Chini ya orodha anataja na duka. Huko dukani fundi ana chake, tusidanganyane. Sasa ukimtangazia mwenye nyumba ambaye hajafika kwenye lenta unamsumbua bure. Hiyo laki tatu na nusu angewagawia mafundi saba wa Masasi, elfu hamsini hamsini, angeuza bando kwa bando hadi ghala libaki na panya.

#5 Mpita Njia
Samahani kuingilia. Bando la laki tatu na nusu ni la mtandao gani, na linakaa siku ngapi?

#6 Fundi Kenchi
#5 bando la mabati ndugu. Hilo halina siku za kuisha, linaisha kwa kutu.

#7 Mkorosho Mkavu
Fundi kasema la maana, ila mnapita pembeni ya jibu. Angalieni mwezi. Agosti! Huku Kusini mtu Agosti hela yake iko kwenye salfa na vibarua wa shamba. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanaingia benki kupitia AMCOS baada ya mnada, ndipo utaona watu wanashusha makuti. Angetangaza kwa Automatic hiyohiyo katikati ya Novemba angeuza. Kosa ni kalenda.

#8 Bibi Mbaazi
#7 nyie watu wa korosho mnadhani Kusini nzima inakula korosho. Ufuta unauzwa kuanzia Juni, nao unapita kwenye minada ya stakabadhi ghalani vilevile. Mbaazi zinafuata Agosti hiyohiyo. Nachingwea, Ruangwa na hapo Masasi vijijini kuna watu Agosti wana hela mkononi. Tena wenye akili huezeka kipindi hicho, kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijawakuta na tofali mbichi. Kusema Agosti hakuna mteja si kweli.

#9 Mkorosho Mkavu
Hela ya mbaazi ya kuezeka? Hiyo inaezeka banda la kuku.

#10 Bibi Mbaazi
Banda la kuku nalo linataka bati, mjukuu wangu.

#11 Daftari la Kaunta
Nimerudi. Kwanza #2 nakushukuru na kukulaumu kwa pamoja. Risiti ina VAT 18%, yaani 63,000 juu yake, kwa hiyo kadi ya mama imekatwa 413,000. Mabati ya kurudisha hela si 234 tena, ni 276. Sijamwambia bado.

Pili, Region nimeifungua. Dar es Salaam imekula zaidi ya theluthi, inafuata Mwanza, kisha Arusha na Mbeya. Mkoa wa Mtwara mzima umetumia sh. 9,100. Lindi haifiki 5,000. Yaani kati ya laki tatu na nusu, kama elfu kumi na nne tu ndiyo iliyozunguka huku ambako mtu anaweza kuja na baiskeli kuchukua bati.

Zile meseji 61 nimezipitia kwa walivyojieleza na profaili zao: 31 ni wa Dar, 9 wa Mtwara na Lindi, waliobaki huko kwingine. Hoja yangu ya Automatic naipunguza bei kidogo. Lile neno Tanzania nalo lina dhambi.

#12 Mpiga Matangazo
Ndiyo maana niliomba Region. Ila usiichukulie hiyo mikoa kama msahafu. Mtu ambaye simu yake haijaruhusu mahali inasomwa kwa anwani ya mtandao na dalili nyingine, na intaneti ya mtu aliyeko Lukuledi inaweza kusomeka kama inatokea Dar. Wapo wa Masasi ambao mashine iliwaandika Dar. Wangapi, hakuna wa kukuambia. Hawawezi kuwa theluthi nzima.

#13 Mwana Ndanda
Naona mmeshawazika hao 31 wa Dar. Mngeuliza kwanza wale ni akina nani.

Nani anajenga huku? Nusu ya nyumba za bati zinazochomoza pale Ndanda ni za watoto walioko Mbagala na Gongo la Mboto. Mtu yuko Dar miaka 15, anajenga kwa mama yake kidogo kidogo, anatuma hela kwa simu, kaka yake anakwenda kuchukua mzigo. Huyo akiona mabati Masasi ni mteja kuliko hata jirani wa duka, kwa sababu kununua Dar na kusafirisha ndiko kunakomuumiza. Daftari, rudi kwenye simu ya mama usome hao wa Dar waliandika nini. Usisome profaili, soma maneno.

#14 Fundi Kenchi
#13 na hao ndio wanaotuma hela kwa kaka, kaka anakunywa, fundi unaambiwa subiri.

#15 Daftari la Kaunta
#13 umenipa kazi na umenitia aibu. Nimekaa na mama jana jioni baada ya kufunga, simu katikati ya meza. Kati ya wale 31, saba wametaja kijiji cha huku kabisa. Nanukuu mmoja kama ulivyo:

"Habari. Mnapeleka Ndanda? Nahitaji 52 za geji 30, za mita tatu. Malipo natuma kwa simu."

Aliandika saa 3:12 usiku. Mama kamjibu kesho yake saa 5 na nusu asubuhi: "Sisi tupo Masasi, karibu dukani." Basi. Mtu yuko Dar, anaambiwa karibu dukani. Akasoma, hakujibu tena.

Nilimuuliza mama kwa nini. Anasema simu ya biashara huwa anaiweka kwenye droo ya risiti ili wateja wa kaunta wasidhani anachezea simu. Droo! Na kwenye yale maoni 180, nimehesabu 94 yaliyoandikwa "Bei?" au "Mko wapi?" Aliyojibu ni manne, yote kwa "njoo inbox".

#16 Mpiga Matangazo
Hapo kwenye "njoo inbox" ndipo wengi wanapochinjia hela. Mtu ameshakupa kidole, unamwambia abonyeze tena. Wengi hawabonyezi. Na ile "Bei?" isiyojibiwa inasomwa na kila anayefuata, anahitimisha kwamba bei ni kubwa ndiyo maana imefichwa.

Nakubaliana na #13 kuhusu wale saba, lakini tusiruke upande wa pili tukasema Dar yote ilikuwa sahihi. Saba kati ya 31 walipatikana kwa bahati, mashine haikuwatafuta. Hakuna sehemu ya kuchagua "Mmakua wa Masasi anayeishi Mbagala". Unachoweza kufanya ni kuandika majina ya vijiji kwenye tangazo lenyewe, herufi kubwa juu ya picha. Wa Ndanda akiona NDANDA anasimama, wa Mwanza anapita zake bila kukugharimu meseji.

#17 Mwenye Gereji
Asiweke Tanzania, aweke nukta pale Masasi na duara la kilomita 80. Hapo anapata Nachingwea, Newala mpaka Ruangwa. Duara haliwezi kuvuka mpaka kwa hiyo Msumbiji haitaingia.

#18 Ruvuma Moja
#17 hapo mwisho umeteleza. Duara halijui mpaka wala pasipoti. Ukivuta kilomita 80 kutoka Masasi unapita juu ya Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, utalipia watu wa ng'ambo. Unatakiwa uitoe Msumbiji yenyewe kwa Exclude hapohapo kwenye eneo. Au utumie nukta ndogondogo, moja Masasi, moja Ndanda, moja Nachingwea, kila moja na kaduara kake.

Kingine, hilo duara halitofautishi mkazi na mpita njia. Dereva wa lori aliyelala Masasi juzi naye yumo.

#19 Bi Vitenge wa Lindi
Kwa hiyo like zangu 900 ni hewa? Jamani.

#20 Bibi Mbaazi
Si hewa mwanangu. Wewe angalia ngapi zilikuja kununua, ndipo uzipe jina.

#21 Daftari la Kaunta
Marejesho, maana uzi ulilala. Nilimbembeleza mama mwezi mzima, Novemba akakubali kwa sharti kwamba isizidi 60,000. Tukafanya hivi.

Picha hatukutumia ya shehena. Tumetumia paa linaloezekwa, fundi yuko juu, nusu mabati nusu mbao. Juu yake tumeandika geji 30, mita tatu, sh. 24,500 kwa bati, na chini: MASASI, NDANDA, NACHINGWEA. Kwenye maneno tukaeleza kwamba Jumanne na Ijumaa gari linapakia kwenda Ndanda, nauli ya mzigo inaulizwa WhatsApp. Goal tukachagua Get more messages, tukaunganisha WhatsApp ya laini mpya ambayo haijawahi kupewa mtu. Nukta tatu kama alivyosema #18. Sh. 10,000 kwa siku, siku sita, tukaanza siku mbili baada ya malipo ya korosho kuingia vijijini. Simu imetoka kwenye droo, iko kwa kijana wa kaunta, ana majibu matatu ameyahifadhi: bei, usafiri, na namna ya kulipa.

Pamoja na VAT imekatwa 70,800. Meseji 43, wateja sita, mabati 214. Kwa faida ya 1,500 hiyo ni 321,000. Mama ameanza kuniita mwanangu.

#22 Mkorosho Mkavu
Nilisema nini mimi? KALENDA. Novemba hata ungeandika "mabati" kwa mkaa kwenye ukuta wa choo ungeuza. Leta mauzo ya Novemba ya mwaka jana tulinganishe.

#23 Daftari la Kaunta
#22 hapo umenishika. Daftari la mauzo ya kila siku tumelianza Septemba mwaka huu, baada ya hicho kisa. Kabla ya hapo mama alikuwa anahesabu mabati yaliyobaki na hela iliyopo. Novemba ya mwaka jana hakuna anayeijua.

#24 Mpiga Matangazo
Basi hamna ushahidi, mna furaha tu. Mmebadilisha picha, bei, eneo, lengo, mwezi na mjibu simu kwa mpigo mmoja. Kipi kimefanya kazi? Mngebadilisha kimoja kimoja.

Lakini ile laini mpya ni kitu kizuri sana, ishikilieni. Kwa kuwa haikuwahi kupewa mtu, kila aliyeandika pale katoka kwenye tangazo au kwa aliyeliona. Sasa zimeni tangazo wiki mbili Novemba hiihii, muone duka linauza ngapi, kisha mliwashe wiki mbili. Haitakuwa safi kwa sababu hela ya korosho nayo inapungua kila wiki, ila ni bora kuliko kubishana na #22.

#25 Mkorosho Mkavu
Kubishana na mimi ni bure na hakuna VAT.

#26 Fundi Kenchi
Swali kwa Daftari. Hao sita, wangapi walikuja na karatasi ya fundi?

#27 Daftari la Kaunta
Wanne. Na wawili kati ya hao karatasi iliandikwa duka lingine, wakaja kwetu kwa sababu bei waliiona kwenye simu.

#28 Fundi Kenchi
Hao mafundi wao nawapa pole. Ila wanne kati ya sita, mmeona wenyewe.

#29 Mwana Ndanda
Na wa Dar je? Maana mmeweka nukta tatu za huku, mmetufungia mlango.

#30 Daftari la Kaunta
Ajabu ni kwamba mmoja wa wale sita yuko Mbagala. Dada yake aliye Ndanda aliliona tangazo, akapiga picha kioo cha simu, akamrushia. Alilipa bati 60. Mama anataka sasa tuweke nukta ya nne Mbagala kwa elfu tano. Mpiga Matangazo anakataa, ameniandikia pembeni kwamba Mbagala ina watu wengi mno na hiyo elfu tano itakwisha kabla haijamfikia mtu wa Kusini hata mmoja. Bado hatujaamua.

Kulinganisha mauzo pia kumetupa shida. Kijana wa kaunta anauliza kila mteja "umetujuaje?" na anaandika. Kati ya 38 wa wiki iliyopita, 21 wamesema "nawajua siku zote", na mmoja wao ni yule wa bati 40 wa Agosti, ambaye tuna meseji yake ya kwanza kabisa akiuliza "duka liko wapi?"

#31 Bibi Mbaazi
Muulizeni "nani kakutuma leo", msimuulize kawajuaje. Mtu hapendi kuonekana kaletwa na tangazo.

#32 Mpita Njia
Hiyo geji 30 kwa 24,500 bado ipo? Niko Nachingwea.

#33 Daftari la Kaunta
Ipo mkuu. Njoo inbox.

#34 Fundi Kenchi
😂😂😂 #33 hujajifunza kitu.

#35 Daftari la Kaunta
Mkono umezoea. #32, bei ni hiyohiyo 24,500. Gari la Nachingwea mpaka mzigo ufike mabati 100, ukiwa na pungufu utasubiri wenzako. Unahitaji mangapi?